Shilingi 147,450 zisizo na maelezo

Septemba 30, leja ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro inaonyesha kuwa benki kuna shilingi 9,480,000. Taarifa ya benki ya siku hiyohiyo inaonyesha 9,682,550. Duka hili ni la mfano, na tarakimu zake zimepangwa ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu, lakini kila kitakachosimuliwa hapa hutokea katika maduka, shule, zahanati na vyama vya ushirika kila mwezi.

Tofauti ya salio peke yake si dalili ya wizi wala uzembe. Benki haijui habari za hundi ambayo bado imo kwenye droo ya mtu aliyeandikiwa. Duka nalo halijui habari za ada iliyokatwa usiku wa mwisho wa mwezi mpaka lipate taarifa. Kukaa na kumbukumbu hizo mbili na kuzioanisha mstari kwa mstari, hadi kila tofauti ipate jina lake, ndiko wahasibu wanakoita usuluhishi wa benki.

Katika duka letu, sehemu ya kwanza ni nyepesi. Ipo hundi ya kodi ya pango, shilingi 1,200,000, iliyoandikwa Septemba 27, na mwenye nyumba hajaipeleka benki. Leja imeshaipunguza, benki bado. Kuna pia mauzo ya jioni ya Septemba 30, shilingi 850,000, yaliyoandikwa kwenye leja siku hiyo lakini yakapokelewa benki kesho yake. Hapa leja imeongeza, benki bado. Haya hayahitaji kusahihishwa na mtu. Yanasubiri siku zake tu.

Sasa chukua salio la leja, ongeza hundi, toa mauzo ya jioni: unapata 9,830,000. Benki inasema 9,682,550. Zimebaki shilingi 147,450 ambazo benki imezitoa na leja haina habari nazo.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Karani amechoka, meneja anataka hesabu za mwezi, na kila mtu anajua benki hukata ada. Linaandikwa ingizo moja: ada za benki, 147,450. Tofauti inakuwa sifuri, faili linafungwa. Ingizo hilo ni la uongo, ijapokuwa aliyeliandika hakukusudia kumdanganya mtu, na kabla ya mwezi ujao kwisha linaweza kulitoa dukani fedha halisi.

Ili kuona kwa nini, inafaa kuangalia kazi hii inavyofanyika ndani ya mfumo wa ERP, yaani programu moja inayobeba mauzo, manunuzi, stoo na hesabu za biashara kwa pamoja. Tutatumia ERPNext, programu huria iliyotengenezwa na kampuni ya Frappe ya Mumbai, India. Mifumo mingine hutofautiana kwa majina ya vitufe na hatua, ila wazo ni lilelile.

Mhasibu anapakua taarifa kutoka kwenye tovuti ya benki na kuiingiza kwenye mfumo. Kila mstari unakuwa rekodi inayojitegemea iitwayo `Bank Transaction`, yenye tarehe, maelezo, namba ya kumbukumbu, na kiasi kilichoingia au kutoka. Jambo la kushika ni kwamba rekodi hii haigusi leja. Ni ushahidi wa benki uliowekwa mezani tu. Leja hubadilishwa na vocha, na mstari wa benki unasubiri kukutanishwa na vocha yake.

Kukutanisha kwenyewe hufanyika kwenye ukurasa wa `Bank Reconciliation Tool`. Mhasibu anachagua akaunti na tarehe, anaandika salio la mwisho kama lilivyo kwenye taarifa, na mistari isiyo na wenzake inajipanga mbele yake. Akibonyeza mstari mmoja, mfumo unamletea vocha zinazofanana nao kwa kiasi au namba ya kumbukumbu. Akikubali, vocha inapigwa tarehe iliyopita benki na mstari unahesabika umesuluhishwa. Mistari mingi ya duka letu inamalizika hivyo kwa dakika chache, kwa sababu kiasi na namba vinalingana pande zote mbili.

Kisha inabaki ile isiyo na mwenzake. Mitatu ya kwanza imefuatana, yote ya Septemba 30: 15,000, halafu 1,500, halafu 2,970. Wa kwanza ni ada ya mwezi ya kutunza akaunti. Wa pili ni ushuru wa bidhaa, ambao Tanzania hutozwa kwa asilimia 10 ya ada za benki. Wa tatu ni VAT ya asilimia 18, iliyokokotolewa juu ya ada pamoja na ule ushuru, yaani juu ya 16,500. Jumla ni 19,470. Benki nyingine huandika yote mstari mmoja, nyingine huyatenganisha kama hapa. Yanapotenganishwa, karani asiyejua huona ada tatu na kudhani duka limekatwa mara tatu.

Ada hizi hazikuwa na vocha kwa sababu hakuna mtu dukani aliyeagiza malipo. Kwa hiyo vocha inazaliwa palepale kutoka kwenye mstari wa benki: mhasibu anachagua `Create Voucher`, aina yake `Journal Entry`, anataja akaunti ya ada za benki, na mfumo unachukua kiasi na tarehe kutoka kwenye mstari wenyewe. Tarehe ina uzito. Hata kama mhasibu amekaa kwenye kiti Oktoba 3, gharama ni ya Septemba. Kama duka limesajiliwa VAT na benki imetoa ankara ya kodi, ile 2,970 huenda kwenye akaunti ya VAT ya manunuzi badala ya kumezwa kwenye gharama. Anayeandika ingizo moja la jumla hupoteza nafasi hiyo bila kujua.

Mstari mwingine, 12,980, ni ada ya kumhamishia msambazaji fedha pamoja na kodi zake. Nao unatengenezewa vocha kwa njia ileile.

Mstari wa kadi ndio unaosumbua wengi. Mteja alinunua mabati ya shilingi 1,000,000 na kulipa kwa kadi dukani. Siku iliyofuata benki iliingiza 975,000. Ile 25,000 ni kamisheni ya mashine ya kadi, na haionekani popote kwenye taarifa kama makato. Imekatwa kabla fedha hazijafika. Kwenye leja, pokeo limeandikwa 1,000,000, kwa hiyo vocha na mstari wa benki haviwezi kuoana.

Wapo wanaoipunguza ankara ya mteja ifike 975,000 ili mambo yakae sawa. Hilo ni kosa. Duka limeuza mabati ya milioni moja, na VAT ya mauzo ni ya milioni moja. Mteja naye amelipa deni lake lote. Kamisheni ni gharama ya duka. Njia sahihi ni kufuta ile vocha ya mapokezi na kuiandika upya: benki imepokea 975,000, sehemu ya makato ya vocha inabeba 25,000 kwenye akaunti ya kamisheni za kadi, na ankara inafungwa kwa 1,000,000 kamili. Vocha hiyo sasa inakaa sawasawa na mstari wa benki. Duka linalouza sana kwa kadi lifanye hivi tangu siku ya kupokea, lisisubiri mwisho wa mwezi.

Tujumlishe: 19,470 na 12,980 na 25,000 ni 57,450. Hizo ndizo ada zote za kweli za Septemba. Lakini tulikuwa tunatafuta 147,450. Bado 90,000.

Shilingi hizo zimejificha kwenye mstari uliokuwa ukionekana wa kawaida kabisa: malipo ya 540,000 kwa msambazaji wa saruji. Mfumo ulileta vocha yenye jina la msambazaji huyo na namba ileile ya kumbukumbu, lakini ya kiasi cha 450,000. Mhasibu akiikubali kwa haraka, mfumo haukatai. Unaoanisha 450,000 na kuuacha mstari wa benki wazi, ukiwa na 90,000 kwenye nafasi ya `Unallocated Amount`. Nafasi hiyo ndiyo ya kuangaliwa kila mara. Mstari wenye mabaki haujasuluhishwa, na mabaki hayo si ada mpaka maandishi ya benki yaseme hivyo.

Ankara ya msambazaji ikitolewa kwenye faili, inasomeka 540,000. Benki imelipa sawa, aliyeingiza vocha aligeuza tarakimu mbili. Wahasibu wana dalili ya zamani ya kosa hili: tarakimu zilizobadilishana nafasi huacha tofauti inayogawanyika kwa 9, na 90,000 inagawanyika. Ila dalili hiyo inafanya kazi pale tofauti inapobaki peke yake. Jumla ya 147,450 haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo ada zilikuwa zimelifunika kosa.

Sasa rudi kwa yule karani aliyeandika yote kuwa ada. Kwenye akaunti ya msambazaji, ankara ya 540,000 imelipwa 450,000. Mfumo unaendelea kuonyesha deni la 90,000. Oktoba, orodha ya madeni inachapishwa, meneja anasaini, na duka linalipa mara ya pili fedha ambazo msambazaji alishazipata. Na kwa kuwa gharama za benki za Septemba zimeandikwa 147,450 badala ya 57,450, faida ya mwezi nayo imepungua pasipo sababu.

Vocha ya 450,000 inafutwa, inaandikwa upya 540,000, inaoanishwa, na nafasi ya mabaki inakuwa sifuri. Salio la leja sasa ni 9,332,550. Ripoti ya `Bank Reconciliation Statement` inaanza na salio hilo, inaweka hundi ya 1,200,000 na mauzo ya 850,000 kama vitu visivyopita benki bado, na kufikia 9,682,550, ambalo ndilo salio la taarifa.

Ripoti hiyo ina mpaka wake. Inathibitisha kwamba kila mstari wa benki una mwenzake, haithibitishi kwamba malipo yenyewe yalikuwa halali au kwamba ada ilikuwa sahihi. Ada hulinganishwa na orodha ya viwango ambayo benki huitangaza kwa wateja wake, na iliyozidi hudaiwa kwa barua.

Mwenye biashara asiye mhasibu anaweza kuikagua kazi hii mwenyewe kila mwezi. Aombe taarifa ya benki, ripoti ya usuluhishi, na akaunti ya ada za benki. Kila ingizo kwenye akaunti hiyo lazima lionekane kwenye mstari wa taarifa wenye tarehe na kiasi kilekile. Kamisheni ya kadi, iwekwe humo au kwenye akaunti yake, ionyeshwe mauzo iliyotoka. Akikuta ingizo moja kubwa la mwisho wa mwezi lisilo na mstari wake, asisaini hesabu hizo mpaka liwe limevunjwavunjwa na kila sehemu imepata ushahidi wake.