Zoezi la Zoobar: nywila, hashi na chumvi

Zoobar ni tovuti ndogo iliyotengenezwa ili ivunjwe. Wanafunzi wa kozi ya usalama wa kompyuta katika chuo kikuu cha MIT, nchini Marekani, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa namba 6.858, hupewa tovuti hiyo ikiwa na kasoro zake zote na kutakiwa kuitengeneza hatua kwa hatua. Watumiaji wake wa kubuni hufungua akaunti, huingia kwa nywila na kutumiana sarafu za mchezo ziitwazo zoobar. Moja ya kasoro hizo ni kwamba nywila za wote zimeandikwa kwenye hifadhidata kama zilivyo. Mtu anapoingia, seva hulinganisha alichoandika na kilichohifadhiwa:

```python
if cred.password == password:
    return newtoken(db, cred)
```

Mistari hii miwili inafanya kazi bila tatizo lolote, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu hakuna kinachoonekana kuharibika mpaka siku hifadhidata itakapoangukia mikononi mwa mtu mwingine. Na haihitaji mdukuzi hodari ili ianguke. MIT yenyewe ilionja hilo katikati ya miaka ya 1960, wakati kompyuta yao ya CTSS ilikuwa ikitumiwa na watu wengi kwa pamoja. Programu ya kuhariri mafaili ilitumia jina moja tu kwa faili lake la muda. Wasimamizi wawili wakahariri kwa wakati mmoja, mmoja faili la nywila na mwingine tangazo la siku. Yaliyomo yakabadilishana nafasi, na kila aliyeingia kwenye mfumo akaonyeshwa orodha ya nywila za wote mahali pa tangazo. Leo njia ni nyingi zaidi: nakala ya akiba iliyosahaulika kwenye seva ya zamani, mfanyakazi mwenye ruhusa pana kupita kiasi, au fomu inayopokea amri za hifadhidata bila kuzichuja. Kampuni ya RockYou ilivamiwa kwa njia hii ya mwisho mwaka 2009, na nywila zipatazo milioni 32 zikatoka zikiwa wazi. Takribani watu 290,000 kati yao walikuwa wamechagua `123456`.

Kwa hiyo zoezi linamtaka mwanafunzi aachane kabisa na kuhifadhi nywila. Seva haihitaji kuijua. Inachohitaji ni uwezo wa kuitambua inapoletwa. Kinachotumika ni kanuni ya hashi, yaani hesabu inayopokea maandishi ya urefu wowote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu wenye urefu usiobadilika. Kutoka kwenye nywila kwenda kwenye hashi ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini hakuna njia ya kurudi kinyume, kama vile unga usivyoweza kurudishwa kuwa punje za mahindi. Siku ya kufungua akaunti seva huhifadhi hashi peke yake, na mtu akija kuingia hukokotoa upya hashi ya alichoandika na kutazama kama zinalingana.

Wanafunzi wengi wangependa kuishia hapo, lakini hapo bado. Kanuni ya hashi ina tabia moja inayoifanya itumike na wakati huohuo kuidhoofisha: nywila ileile hutoa hashi ileile, popote na siku zote. Kwa kanuni ya SHA-1, nywila `123456` hutoa hivi:

```
7c4a8d09ca3762af61e59520943dc26494f8941b
```

Mwizi hana haja ya kuirudisha kinyume. Anachukua orodha ya nywila zinazopendwa na watu, kama ile iliyotokana na RockYou yenye nywila tofauti zipatazo milioni 14, anakokotoa hashi ya kila moja, kisha anatafuta zinazofanana na zile alizoiba. Kazi hiyo anaifanya mara moja tu, na matokeo yake yanamfungulia akaunti za kila aliyetumia nywila iliyomo kwenye orodha, hata kama tovuti ina watu milioni mia. Mwezi Juni 2012 hashi za SHA-1 zipatazo milioni 6.5 za watumiaji wa LinkedIn zilisambazwa mtandaoni zikiwa zimehifadhiwa kwa namna hiyohiyo, na sehemu kubwa ilivunjwa ndani ya siku chache.

Dawa yake ni chumvi. Kila mtumiaji anapofungua akaunti, seva humpa baiti kadhaa za nasibu, huzichanganya na nywila yake kabla ya kukokotoa hashi, kisha huzihifadhi kando ya hashi hiyo. Wazo hili lilielezwa na Robert Morris na Ken Thompson wa Maabara za Bell mwaka 1979, walipoandika kuhusu nywila za mfumo wa Unix. Chumvi yao ilikuwa na biti 12, yaani aina 4,096 tu. Siku hizi kiwango cha kawaida ni baiti 16, ambazo hazina uwezekano wa maana wa kujirudia. Jambo linalowasumbua wanafunzi hapa ni kwamba chumvi si siri. Imeandikwa wazi kwenye jedwali, na mwizi ataiona. Kazi yake si kujificha, bali ni kuhakikisha kwamba hesabu iliyofanywa kwa mtu mmoja haifai kwa mwingine. Watu wawili wenye nywila moja sasa wana hashi mbili zisizofanana hata kidogo, na jedwali lolote ambalo mwizi aliliandaa nyumbani kabla ya wizi halina kazi.

Katika Zoobar, mabadiliko yanaanzia kwenye jedwali la `Cred`, ambalo huongezewa safu ya `salt`. Kisha huandikwa kanuni moja ya kutumika pande zote mbili, wakati wa kufungua akaunti na wakati wa kuingia:

```python
def hashi(nywila, chumvi):
    h = hashlib.pbkdf2_hmac("sha256", nywila.encode(),
                            bytes.fromhex(chumvi), 600000)
    return h.hex()

# kufungua akaunti
cred.salt = os.urandom(16).hex()
cred.password = hashi(password, cred.salt)

# kuingia
if hmac.compare_digest(cred.password, hashi(password, cred.salt)):
    return newtoken(db, cred)
```

Namba 600000 inastahili kutazamwa kwa makini. SHA-256 ilibuniwa iwe nyepesi, na wepesi ni sifa mbaya panapohusika nywila, kwa kuwa kadi moja ya michoro inaweza kukokotoa hashi za aina hiyo kwa mabilioni kila sekunde. PBKDF2 huirudia hesabu hiyo mara nyingi kwa makusudi, na 600,000 ndiyo idadi iliyopendekezwa na shirika la OWASP mwaka 2023. Mtumiaji halali huisubiri mara moja kwa sehemu ya sekunde. Mwizi huisubiri kwa kila jaribio.

Tuseme mwizi ameiba jedwali lenye watumiaji 1,000, ana orodha ya nywila milioni 14, na mashine yake inakokotoa hashi bilioni 6 kwa sekunde. Kama nywila zimehifadhiwa kwa hashi tupu, orodha nzima inakwisha kabla sekunde moja haijapita, kwa watu wote 1,000. Kwa marudio 600,000, mashine hiyohiyo haiwezi kuzidi majaribio 10,000 kwa sekunde, kwa hiyo orodha inamchukua takribani dakika 23. Bila chumvi, dakika hizo 23 zingetosha kwa watumiaji wote. Chumvi ikiwepo, ni dakika 23 kwa kila mmoja, na kwa watu 1,000 inafika siku 16. Hesabu hii inaonyesha pia mpaka wa kinga yenyewe. Aliyechagua `123456` bado ataangushwa katika majaribio ya mwanzo kabisa, kwa sababu mwizi huanza na zinazopendwa zaidi. Chumvi na marudio humkinga mtu mwenye nywila ya wastani au nzuri. Mwenye nywila mbovu hupata muda mfupi tu.

Makosa ya zoezi hili yana ubaya mmoja: mengi hayaizuii tovuti kufanya kazi. Lililo rahisi kugundua ni kutengeneza chumvi mpya wakati wa kuingia badala ya kuisoma ile iliyohifadhiwa, maana hapo hakuna anayeweza kuingia tena. La hatari zaidi ni kutumia chumvi moja kwa watu wote, mara nyingi kwa sababu mstari wa `os.urandom` umewekwa mahali unapotekelezwa mara moja tu, seva inapowaka. Kila kitu kitaonekana sawa. Namna ya kujua ni kufungua akaunti mbili zenye nywila moja, kisha kufungua jedwali na kutazama: hashi zikifanana, chumvi haifanyi kazi. Kujaribu kuingia peke yake hakuonyeshi lolote.

Kosa la tatu ni la aina za data. Baiti za nasibu si maandishi, na zikisukumwa kwenye safu ya maandishi hukataliwa au hufika zikiwa zimeharibika, wakati mwingine kwa mtumiaji mmoja na si mwingine. Ndiyo sababu msimbo wa hapo juu unazigeuza kuwa tarakimu za heksadesimali kwa `hex()` kabla ya kuzihifadhi. La nne huonekana kwa mwenye kuchimba zaidi: hifadhidata ya zamani, ile ya kabla ya mabadiliko, bado ipo kwenye diski na nywila zote zimo. Hashi mpya haiondoi nakala ya jana.

Ukali wa PBKDF2 nao umezaa tatizo lake, na maelezo ya zoezi yenyewe yanaligusia. Mwezi Septemba 2013 watengenezaji wa Django, mfumo maarufu wa kujengea tovuti kwa Python, walitangaza kwamba mtu angeweza kutuma nywila yenye ukubwa wa megabaiti moja na kuifanya seva ihangaike kwa takribani dakika nzima. Hakuhitaji hata kuwa na akaunti yake mwenyewe. Alichohitaji ni fomu ya kuingia. Kwa muda wakaweka kikomo cha baiti 4,096 kwa kila nywila. Chanzo kilikuwa utekelezaji uliokuwa ukiifupisha upya nywila hiyo ndefu katika kila rudio, ilhali inatosha kuifupisha mara moja mwanzoni. Maktaba nzuri za leo hufanya hivyo, na kwa hizo urefu wa nywila hauongezi mzigo wa maana. Lakini marudio 600,000 yanabaki kuwa gharama halisi kwa kila ombi la kuingia, liwe la kweli au la uongo, na kwa hiyo seva inayotumia PBKDF2 inapaswa pia kupunguza idadi ya majaribio inayokubali kutoka kwa mtu mmoja ndani ya dakika.