Namba moja tu ya somo

Anayerudia kidato cha nne Tanzania kama mtahiniwa wa kujitegemea huanzia kituoni, si mtandaoni. Mkuu wa kituo humpa namba rejea, ndipo ajaze fomu ya NECTA, apate namba ya malipo na kulipa ada, ambayo imekuwa Sh. 50,000, kabla ya faini ya kuchelewa.

Hatari iko kwenye namba za masomo. Hisabati ya kawaida ni 041. Ukijaza 042 umejisajili Hisabati ya Ziada, mtihani mwingine kabisa. Ukichukua Kemia, 032, usichague kituo kwa ukaribu tu: uliza kwanza kama kina maabara. Kabla ya kulipa, soma namba hizo moja moja.