Biskuti ngapi chini ya nondo?

Siku ya kumwaga zege, watu wengi wenye nyumba huhesabu mifuko ya saruji na kusahau biskuti. Biskuti ni kile kipande kidogo cha zege, aghalabu cha mraba wa sentimita tano kwa tano, ambacho fundi nondo hukipachika chini ya nondo ili zisilale juu ya mbao. Unene wake ndio unaoamua nondo zitafunikwa na zege kiasi gani, na kifuniko hicho mafundi hukiita kava. Biskuti ya milimita 25 inakupa kava ya milimita 25. Ukiuliza zinatakiwa ngapi, utajibiwa "weka weka tu, mzee", na hapo ndipo slabu inapoharibikia.

Jibu linaanzia kwenye unene wa nondo. Nondo nyembamba hupinda haraka, na hesabu hiyo ni lazima izingatie miguu ya watu, kwa sababu vibarua watapita juu ya wavu huo na makarai yao kabla zege halijaufunika. Kiwango cha Uingereza BS 7973 cha mwaka 2001 kinataka nafasi kati ya biskuti na biskuti kwenye slabu isizidi mara 50 ya unene wa nondo, na kwa vyovyote isizidi mita moja. Kwa nondo ya milimita 10, hiyo ni nusu mita kila upande, yaani biskuti nne kwa mita ya mraba. Kwa nondo ya milimita 8 nafasi inashuka hadi sentimita 40, na utahitaji kama sita. Kwa nondo ya 12 unaweza kwenda sentimita 60, ambazo ni karibu tatu kwa mita ya mraba. Mimi hubaki kwenye nne hata kwa nondo ya 12, maana nimewaona vibarua wanavyotembea.

Tuchukue chumba cha mita tano kwa nne, slabu yake milimita 150, nondo za chini za milimita 10 kila baada ya sentimita 15 pande zote mbili, kava milimita 25. Ukianza robo mita kutoka ukutani na kwenda kila nusu mita, upande mrefu unapata biskuti kumi na upande mfupi nane. Jumla ni 80. Ongeza chache za kupasuka, andaa 90. Kuzipanga kuna utaratibu wake: zinakaa chini ya nondo za safu ya chini kabisa, zile zilizo karibu na mbao, wala si chini ya zile zilizolala juu yake. Tena zipishane, mstari mmoja usianze pale ulipoanza wa pili, kwa sababu biskuti zikijipanga moja kwa moja kuvuka slabu zinakuwa njia rahisi ya ufa.

Kwenye bimu biskuti hufungwa kwenye ringi, si kwenye nondo kubwa, kwa kuwa ringi ndiyo iliyo nje na kava hupimwa kuanzia hapo. Weka mkato mmoja wa biskuti kila baada ya mita moja isiyozidi, na katika kila mkato ziwe mbili chini na moja kila ubavu. Bimu ikiwa ndefu kwenda chini, ongeza nyingine ubavuni. Kwa hiyo ni nne kwa kila mita ya bimu, na bimu nne zinazouzunguka chumba chetu, jumla mita 18, zinahitaji 72. Ukisahau za ubavuni, mtungo wote utaegemea upande mmoja wakati zege linaposhuka, na ukibomoa mbao utaona alama za ringi zimejichora kwenye ubavu wa bimu.

Kutengeneza biskuti hakuna gharama ya kulalamikia. Changanya saruji moja kwa mchanga safi mbili, maji machache, tandaza kwenye ubao wenye ukingo wa unene unaoutaka, kisha kata vipande kwa mwiko kabla haijakauka na uchomeke vipande vya waya wa kufungia nondo. Zimwagilie maji kwa wiki nzima. Biskuti mia za milimita 25 zinakula kama kilo nne za saruji, hata sehemu ya kumi ya mfuko haifiki. Hizo za kukatwa jana na kuwekwa leo husagika chini ya uzito wa mtungo wa bimu. Na unene tofauti usichanganywe kwenye ndoo moja. Fundi mwenye haraka hachagui.

Sasa angalia kinachotumika badala yake. Kokoto huviringika mtu akikanyaga. Kipande cha ubao huoza na kuacha tundu. Kipande cha nondo ndicho kibaya kuliko vyote: kinagusa mbao kwa chini na nondo kwa juu, kwa hiyo kutu ikianzia nje ina daraja la kuingilia ndani.

Zege zima lina magadi makali yanayoizuia nondo isipate kutu. Hewa ya ukaa huingia polepole kutoka nje na kuyamaliza, na kadiri inavyozama ndivyo inavyopunguza mwendo. Kava ikipungua nusu, muda wa ulinzi hauwi nusu, unabaki robo. Nondo ya slabu iliyoahidiwa milimita 25 ikipata 12, hali huwa hiyo. Pwani, chumvi ya bahari huharakisha mambo, ndiyo maana mhandisi huongeza kava nyumba ikiwa karibu na maji. Kutu hujaa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo husukuma zege na kulipasua. Dalili utaiona darini: mistari iliyonyooka yenye rangi ya kahawia, ikifuata nondo zilivyolala. Gonga kwa nyundo. Sauti ikiwa tupu, zege limeshabanduka.

Kuna kosa jingine lisiloonyesha kutu, la nondo za juu. Juu ya bimu na kwenye kibaraza kinachoning'inia, nondo zinazobeba mzigo ziko juu, na hushikiliwa na viti vya nondo iliyokunjwa, vikifuatana si zaidi ya nusu mita. Katika slabu yetu nondo hiyo hufanya kazi kwenye kina cha milimita 120. Vibarua wakiikanyaga ikashuka milimita 30, kina kinabaki 90, na uwezo wa slabu pale umepungua kwa robo na ushee. Kwa nje hutaona chochote mpaka kibaraza kianze kuinama.

Ukaguzi unafanyika kabla ya kumwaga, na hauhitaji vifaa. Simama katikati ya biskuti mbili uone kama nondo inagusa ubao, kisha ingiza rula chini yake sehemu kadhaa, hasa pembeni na pale watu wanapopita. Usikague peke yako, muwe na fundi, naye aone unachoona. Palipo pungufu mwambie aongeze biskuti papo hapo, kabla mashine ya kuchanganyia zege haijawashwa.