Mkia Unaofuata Mpira: Pale Gemu Linapokumbuka Kisichokuwepo Tena

Mpira mweusi unapita kasi mbele ya ukuta mweupe. Nyuma yake unabaki ukungu wa kijivu, unaufuata kama mkia, kisha unafifia taratibu. Wanaocheza gemu za kompyuta za miaka ya karibuni wanaujua mkia huu, na wengi huilaumu skrini. Mara nyingi skrini haina kosa. Mkia umechorwa na gemu lenyewe, ndani ya picha, na chanzo chake ni mbinu iliyowekwa kwa kazi nyingine kabisa: kulainisha kingo za vitu.

Tuanze na kingo hizo. Skrini ya kawaida ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani zaidi kidogo ya milioni 2, na kila pikseli hubeba rangi moja tu. Ukingo wa paa lililoinama unapokatiza pikseli, kadi ya michoro hupima nukta moja ndani yake: ama imeangukia paa, ama imeangukia anga. Hakuna katikati. Ndiyo maana ukingo hutoka na meno ya msumeno, na meno hayo hutambaa kila kamera inaposogea. Dawa ya tangu zamani ni kupima nukta nyingi ndani ya kila pikseli, tuseme 8, na kuchukua wastani wake. Lakini gemu linalokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde lina milisekunde 16 na ushee tu za kumaliza fremu moja, na kupima nukta 8 kila mahali ni kuizidishia kadi kazi mara 8.

Mbinu inayoitwa TAA huigawa kazi hiyo kwa muda. Kila fremu hupima nukta moja tu katika kila pikseli, ila kila mara nukta hiyo husogezwa kidogo, sehemu ya pikseli, ili baada ya fremu 8 pikseli nzima iwe imepimwa sehemu mbalimbali. Matokeo huwekwa akiba katika picha inayoitwa historia. Fremu mpya ikija, haionyeshwi peke yake. Huchanganywa na historia, kwa mfano sehemu 90 kwa mia kutoka kwenye historia na 10 kwa mia kutoka kwenye fremu mpya, na mchanganyiko huo ndio unaofika machoni na ndio unaokuwa historia ya fremu inayofuata. Mwaka 2014, Brian Karis wa Epic Games alieleza katika mkutano wa SIGGRAPH mjini Vancouver namna Unreal Engine 4 inavyofanya kazi hii, na maelezo yake yakawa rejea ya watengenezaji wengi.

Kamera ikitulia na vitu vikitulia, picha huwa laini ajabu. Shida huanza kitu kinaposogea.

Turudi kwa mpira wetu, tuuwekee namba. Tuseme mwangaza unapimwa kutoka 0, yaani giza tupu, hadi 100. Ukuta una mwangaza wa 80, mpira una 20. Chukua pikseli moja ya ukuta ambayo mpira umetoka kuipita sasa hivi. Fremu mpya inaiona sawasawa: 80. Lakini historia ya pikseli hiyo bado inasema 20. Changanya: asilimia 90 ya 20 ni 18, asilimia 10 ya 80 ni 8, jumla 26. Ukuta unaopaswa kung'aa unatoka karibu mweusi kama mpira. Fremu inayofuata hupunguza kosa kwa sehemu moja ya kumi tu, na inayofuata vivyo hivyo. Baada ya fremu 7, karibu nusu ya kosa ingali ipo. Baada ya fremu 22 ndipo linapobaki kama sehemu moja ya kumi. Mpira ukienda pikseli 10 kwa fremu, basi una mkia wa zaidi ya pikseli 200, ambao ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya upana wa skrini. Mkia huo ni hesabu ya wastani iliyopewa data isiyo yake.

Marekebisho ya kwanza ni kuuliza: kitu kilichopo kwenye pikseli hii sasa, kilikuwa wapi fremu iliyopita? Jibu ni vekta za mwendo. Kompyuta inapochora mpira, huhesabu mahali kila pembe ya umbo lake ilipo kwenye skrini sasa, kisha huhesabu tena mahali pembe hiyohiyo ilipokuwa katika fremu iliyopita, kwa kutumia nafasi ya zamani ya mpira na ya kamera. Tofauti ya mahali hapo pawili ndiyo vekta, na huandikwa pikseli kwa pikseli katika picha ya pembeni. Kwa vitu visivyosogea, kama ukuta, inatosha kujua umbali wake kutoka kwenye kamera na namna kamera yenyewe ilivyosogea. Kamera ikigeuka kulia, kipande cha ukuta kilichopo sasa kwenye nafasi ya 600 huenda kilikuwa kwenye 612. Basi historia yake isisomwe kwenye 600, isomwe kwenye 612.

Ukingo wa mpira unahitaji uangalifu zaidi. Pikseli ya ukingoni ina nusu ya mpira na nusu ya ukuta, na nukta iliyopimwa safari hii ikiangukia ukuta, vekta itakuwa ya ukuta, na ulaini wa ukingo utaachwa nyuma. Kwa hiyo kompyuta huangalia pikseli za jirani, huchagua ile iliyo karibu zaidi na kamera, na hutumia vekta ya hiyo. Hivyo ukingo husafiri pamoja na mpira wake.

Hapa ndipo watu wengi hudhani kazi imekwisha, na hapa ndipo jambo lenyewe linapovutia. Vekta zikiwa sahihi kabisa, mkia bado unaweza kubaki. Irudie ile pikseli ya ukuta iliyotoka kufunuliwa. Ukuta haukusogea na kamera imetulia, kwa hiyo vekta yake ni sifuri, nayo ni kweli. Inaielekeza kompyuta isome historia palepale. Lakini palepale, fremu iliyopita, kulikuwa na mpira. Kipande hicho cha ukuta kilikuwa kimefichwa, na hivyo hakina historia yoyote ya kutumia. Vekta hueleza kitu kilikotoka, lakini haielezi kama wakati ule kilionekana.

Marekebisho ya pili, kubana historia, yanaziba pengo hilo. Kompyuta hukusanya rangi za fremu mpya katika mraba wa pikseli 9, yaani pikseli yenyewe na jirani zake 8. Huchukua ya chini kabisa na ya juu kabisa, na husema: historia ya kweli ya mahali hapa haiwezi kuwa mbali na rangi hizi. Ikiwa nje ya mipaka, husogezwa hadi mpakani. Kwenye ukuta wetu, tuseme pikseli 9 zina mwangaza kati ya 78 na 82. Historia inadai 20. Inapandishwa hadi 78. Sasa changanya upya: asilimia 90 ya 78 ni 70.2, ongeza 8, unapata 78.2. Kosa lililokuwa la 54 sasa halifiki 2, na jicho haliwezi kulitambua. Mkia umekatwa ndani ya fremu moja, na kompyuta haikulazimika kujua kwamba kulikuwa na mpira.

Udhaifu wake uko kwenye mandhari yenye vitu vingi. Weka waya mweusi mmoja mbele ya ukuta, ili pikseli 8 ziwe na 80 na moja iwe na 15. Mipaka sasa ni 15 hadi 80, na 20 ya mpira inapita bila kuguswa. Mkia unarudi. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa GDC, Marco Salvi alipendekeza mipaka itokane na wastani wa pikseli hizo 9 na kiasi zinavyotawanyika, badala ya kutumia ya chini na ya juu. Katika mfano wetu wastani ni karibu 73 na mtawanyiko ni karibu 20, hivyo mpaka wa chini huwa karibu 52. Historia ya 20 inapandishwa hadi hapo, na mkia unapungua kwa kiasi kikubwa, ingawa haufutiki wote.

Kubana kuna gharama pia. Waya mwembamba kuliko pikseli hupatikana na nukta katika fremu fulani na hukosekana katika nyingine. Ukikosekana katika pikseli zote 9, mipaka haina rangi yake, na historia halali ya waya hufutwa pamoja na ile batili. Fremu ya tatu unarudi, ya nne unapotea: waya unapepesa. Mtengenezaji akiikaza mipaka, anapata kupepesa. Akiilegeza, anapata mikia. Hakuna thamani moja inayomaliza yote mawili, na kila gemu huchagua pa kusimama.

Vitu vingine humkwepa mlinzi wa kwanza kabisa. Moshi, vioo na cheche mara nyingi huchorwa bila kuandika vekta zao, kwa sababu pikseli moja inabeba moshi na kilicho nyuma yake, na nafasi ya vekta ni moja. Hivyo hutegemea kubana peke yake. Bendera inayopeperushwa na upepo nayo huacha mkia iwapo mtengenezaji alihesabu umbo lake la sasa na akasahau kulihesabu kwa saa ya fremu iliyopita. Kosa hili hugunduliwa kwa kuonyesha vekta kama rangi kwenye skrini: kamera ikiwa imetulia, kilichotulia kiwe cheusi na kinachosogea kiwe na rangi. Bendera inayopepea huku ikionekana nyeusi ndiyo penye kosa.

Wewe mchezaji unaweza kujua mkia umetoka wapi bila kifaa chochote. Kwanza zima "Motion Blur" kwenye mipangilio, maana ule ukungu huwekwa makusudi. Kisha piga picha ya skrini kwa kitufe cha kompyuta, wakati kitu kinasogea. Mkia ukiwemo kwenye picha hiyo, umetengenezwa na gemu. Usipokuwemo, skrini yako ni nzito kubadili rangi. Ukiwa wa gemu, jaribu kubadili "TAA" uweke "FXAA", ambayo huangalia fremu moja tu na haina historia. Mkia utatoweka, lakini meno ya kingo yatarudi kutambaa. DLSS na FSR 2 hazitakuepusha kwa sababu nazo hujenga picha kutoka kwenye historia na vekta zilezile. Na kwako unayejifunza kutengeneza gemu: usianze kwa kuikaza mipaka unapouona mkia. Hakikisha kwanza kila kinachosogea kimeandika vekta yake, kisha ndipo uguse mipaka.