Damu na Malezi: Maswali Mawili Yanayochanganywa

Katika miaka ya 1930, wanasaikolojia wawili wa jimbo la Iowa nchini Marekani, Marie Skodak na Harold Skeels, walianza kuwafuatilia watoto waliotenganishwa na mama zao wangali wachanga. Wengi wa mama hao walikuwa wamejifungua nje ya ndoa, kipato chao kilikuwa duni na masomo yao hayakufika mbali. Watoto waliasiliwa kabla ya kutimiza miezi sita, na familia zilizowachukua kwa jumla zilikuwa na elimu na maisha mazuri kuliko familia nyingi za eneo lile. Watafiti waliwapima akili mara kadhaa kadiri walivyokua. Mwaka 1949 walichapisha taarifa ya watoto 100 ambao kufikia wakati huo walikuwa wamebalehe au wanakaribia kubalehe.

Kwa watoto 63 kati yao, alama za kipimo cha akili za mama mzazi zilikuwa zimehifadhiwa. Kipimo hicho hupangwa ili wastani wa watu wote uwe 100. Wastani wa mama ulikuwa takriban 86. Wastani wa watoto wao, waliolelewa na watu wengine, ulikuwa takriban 106.

Anayeamini nguvu ya malezi ataona hapo pengo la alama 20 na kusema kesi imekwisha. Lakini taarifa hiyohiyo ilikuwa na jambo la pili. Watafiti walipotazama ni mtoto yupi alipata alama nyingi na yupi alipata chache, waliona kwamba mpangilio wao ulifuata kwa kiasi alama za mama waliowazaa, ambao hawakuwalea. Kiwango cha elimu cha wazazi waliowalea hakikusaidia karibu chochote kutabiri nani angemzidi nani. Anayeamini nguvu ya damu naye akapata ushahidi wake, tena katika kurasa zilezile.

Matokeo mawili yanayoonekana kupingana yanawezaje kuwa ya kweli kwa pamoja? Tuchukue mfano wa kubuni wa mama watatu. Wa kwanza ana alama 75, wa pili 85, wa tatu 95. Watoto wao wanalelewa kwingine na kupata 98, 106 na 114. Kila mtoto amempita mama yake kwa mbali, hivyo kiwango cha kundi zima kimepanda. Hata hivyo, mtoto wa mama wa tatu bado ndiye wa kwanza, na mtoto wa mama wa kwanza bado ndiye wa mwisho. Nafasi zao hazikubadilika. Kiwango ni jambo moja na nafasi ni jambo lingine, na sehemu kubwa ya ubishi kuhusu maumbile na malezi hutokana na watu wawili kujibu maswali mawili tofauti wakidhani wanajibu moja.

Tuanze na swali la nafasi: kwa nini watu wa jamii moja hutofautiana? Hapa ndipo mapacha wanapokuwa na thamani kubwa kwa sayansi. Mapacha wanaofanana hutokana na yai moja lililogawanyika baada ya kurutubishwa, kwa hiyo jeni zao ni karibu zilezile kabisa. Mapacha wasiofanana hutokana na mayai mawili, na kwa urithi ni ndugu wa kawaida: kati ya jeni zinazotofautiana baina ya watu, hushirikiana wastani wa nusu. Aina zote mbili hukaa tumbo moja kwa wakati mmoja na kukulia nyumba moja. Ikiwa Kulwa na Doto wa yai moja wanakaribiana zaidi kuliko Kulwa na Doto wa mayai mawili, basi ziada hiyo yaelekea imetokana na jeni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Watafiti hupima ukaribu wa mapacha kwa namba inayoanzia 0, yaani kumjua mmoja hakukuambii lolote kuhusu mwenzake, hadi 1, yaani wanalingana kabisa. Tuseme kwa kimo mapacha wanaofanana wamepata 0.9 na wasiofanana 0.5. Tofauti ni 0.4. Kwa kuwa kundi la pili hushirikiana nusu tu ya jeni, tofauti hiyo inawakilisha nusu ya kazi ya urithi, hivyo tunaizidisha mara mbili na kupata 0.8. Ndiyo maana husemwa kwamba kimo ni cha kurithi kwa asilimia 80. Na ile 0.1 inayokosekana ili mapacha wanaofanana wafikie 1 haiwezi kuwa ya jeni wala ya nyumba moja, kwa kuwa vyote hivyo wanashirikiana. Ni ya yale yaliyompata mmoja peke yake, kama ugonjwa au ajali, pamoja na makosa ya upimaji.

Hesabu hiyo imesimama juu ya dhana moja: kwamba mapacha wanaofanana hawatendewi kwa usawa zaidi kuliko wenzao. Wakivalishwa sare na kuwekwa darasa moja kwa sababu wanafanana, sehemu ya malezi itahesabiwa kimakosa kuwa ya jeni. Njia mojawapo ya kukwepa tatizo hilo ni kuwatafuta mapacha waliotenganishwa utotoni. Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza kazi hiyo mwaka 1979. Mwaka 1990 yeye na wenzake walitangaza kwamba takriban asilimia 70 ya tofauti za alama za akili katika kundi lao ilihusiana na urithi. Lakini kazi hiyo nayo ina mipaka yake. Mapacha wa aina hiyo ni wachache mno, baadhi yao walikuwa wamekwisha kukutana kabla ya kupimwa, na nyumba zilizowalea hazikuwa na ufukara wa kupindukia.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Asilimia ya urithi hupimwa kwa kulinganisha tofauti za watu na tofauti za mazingira waliyomo. Ikiwa kila mtoto anakula vizuri na anasoma shule nzuri, mazingira hayatofautiani sana, na tofauti zinazobaki zitaonekana kuwa za jeni. Ikiwa mmoja anakula mara tatu kwa siku na mwingine mara moja, mazingira yatachukua fungu kubwa la tofauti, na asilimia ya urithi itashuka bila jeni ya mtu yeyote kubadilika. Kwa hiyo namba iliyopimwa Minnesota haiwezi kuchukuliwa ilivyo na kupelekwa Kigoma au Turkana. Vilevile haimhusu mtu mmoja mmoja. Asilimia 80 ya kimo haina maana kwamba sentimita 80 katika kila 100 za mwili wako zililetwa na wazazi na zilizobaki zikaletwa na ugali. Inazungumzia tofauti baina ya watu wa kundi fulani, katika wakati fulani.

Swali la kiwango ndilo ambalo watoto walioasiliwa hulijibu vizuri zaidi, ingawa lile pengo la alama 20 la Iowa lisichukuliwe lote kuwa kazi ya malezi. Baba wazazi hawakupimwa. Mama walipimwa katika kipindi kigumu cha maisha yao, na huenda alama zao zilishuka kwa sababu hiyo. Tena, mtoto wa mzazi aliye mbali na wastani kwa kawaida huusogelea wastani hata akilelewa kwao. Ili kujua mchango halisi wa nyumba, tunahitaji watoto wa wazazi walewale, mmoja akalelewa nyumbani na mwingine kwingine.

Sweden iliwapata. Mwaka 2015 Kenneth Kendler na wenzake walichapisha utafiti wa jozi 436 za ndugu wa kiume wa baba na mama mmoja. Katika kila jozi mmoja alibaki kwa wazazi wake na mwingine aliasiliwa. Wote walikuwa wamepimwa akili walipoitwa jeshini wakiwa vijana wa miaka 18 hadi 20. Walioasiliwa walipata wastani wa alama 4.4 zaidi ya ndugu zao, na faida hiyo ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo wazazi walezi walikuwa wamesoma kuwapita wazazi wa kuzaa. Alama 4.4 ni chache kuliko 20, lakini ndizo za kuaminika zaidi, kwa sababu hapa damu imewekwa sawa.

Hali ya nyumba ya kwanza ikiwa mbaya sana, faida huongezeka. Mwaka 1999 Michel Duyme na wenzake wa Ufaransa walitoa taarifa ya watoto 65 waliokuwa wamepuuzwa au kuteswa, wakaasiliwa wakiwa na umri wa miaka minne hadi sita. Wote walikuwa na alama chini ya 86 kabla ya kuasiliwa. Walipofika ujana walikuwa wamepanda kwa wastani wa alama karibu 8 katika familia za hali ya chini, na zaidi ya 19 katika familia za hali ya juu. Hata hivyo, waliokuwa juu ya wenzao kabla ya kuasiliwa kwa kawaida waliendelea kuwa juu.

Upande wa damu nao una ushahidi ambao haki inatudai tuutaje. Kwa miaka mingi baadhi ya madaktari walidai kwamba skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyokuwepo, husababishwa na mama asiyempenda mwanawe. Mwaka 1966 Leonard Heston alichapisha habari za watu 47 waliozaliwa na mama wenye ugonjwa huo kule Oregon na kutenganishwa nao siku chache baada ya kuzaliwa. Watano waliugua. Kati ya 50 waliotenganishwa vivyo hivyo na mama wasio na ugonjwa huo, hakuna aliyeugua. Wagonjwa hao hawakulelewa na mama wagonjwa, kwa hiyo lawama ile haikuwa na msingi. Lakini pacha mmoja wa yai moja akiugua, mwenzake huugua katika takriban nusu ya jozi tu, au chini ya hapo. Jeni huongeza hatari, ila hazitoi hukumu.

Anayetenganisha nafasi na kiwango hawezi kushangazwa na historia ya kimo. Ni miongoni mwa sifa zinazorithiwa zaidi, lakini wanawake wa Korea Kusini wameongezeka takriban sentimita 20 katika karne moja, muda mfupi mno kwa jeni za taifa zima kubadilika kiasi hicho. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kusema kwamba watoto hao ni wafupi kwa sababu ukoo wao ni wa watu wafupi ni kulijibu swali la kiwango kwa jibu la nafasi. Urithi unaweza kueleza kwa nini, kati ya watoto wawili walioshiba, mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Hautuambii hata kidogo wote wawili wangefika wapi kama wangepata lishe, afya na walimu wanaostahili, na hauwezi kuwa kisingizio cha kuwanyima.