Mashini Ishirini na Nne, Kodi Nne na Ukimya Mmoja

Tuseme biro moja katika komine ya Kimemi, mjini Butembo, ina mashini 24 na inataka LibreOffice kwenye zote. Kupita mezani hadi mezani ukibofya «Suivant» kutakula siku nzima, na kupakua programu ileile mara 24 kutamaliza megabaiti za wiki. Fundi anaipakua mara moja, anaiweka kwenye serva ya biro, anainakili katika kila mashini, kisha anaacha faili dogo la amri lifanye kazi kimya, bila dirisha hata moja kufunguka.

Faili hilo lina mistari mitatu tu:

```
start /wait msiexec /i "C:\Pakiti\LibreOffice.msi" /qn /norestart /l*v "C:\Pakiti\lo.log"
set KODI=%errorlevel%
> "\\SERVA\ripoti\%COMPUTERNAME%.txt" echo %KODI%
```

`/qn` inafuta madirisha yote. `/norestart` inazuia mashini isijizime na kuwaka upya huku karani akiandika barua. `/l*v` inaandika kila hatua katika faili la kumbukumbu. `start /wait` ndiyo wengi wanaiacha, na ina kazi kubwa: ukiandika amri moja kwa moja kwenye dirisha jeusi bila hiyo, `msiexec` inarudisha mkono papo hapo huku usakinishaji ukiwa haujaisha, na kodi utakayosoma si yake. Faili hili liendeshwe kwa haki za msimamizi wa mashini, maana katika hali ya kimya Windows haitakuuliza ruhusa. Itashindwa tu.

Jioni fundi anafungua folda ya ripoti. Mashini 17 zimeandika 0, tatu zimeandika 3010, mbili 1618, moja 1603. Ya mwisho haina faili kabisa.

Sifuri ni usakinishaji uliokamilika. 3010 inatisha kwa kuwa ni namba kubwa, lakini nayo ni ushindi: programu imeingia, inasubiri tu mashini iwashwe upya. Anayeisoma kama kosa atasakinisha tena bure. Ukiona 1641, maana yake ni karibu hiyohiyo, ila kisakinishi chenyewe kimeshaanza kuiwasha upya. 1618 inasema kwamba usakinishaji mwingine ulikuwa unaendelea, mara nyingi sasisho lililoamka lenyewe, kwa sababu Windows Installer haikubali kazi mbili kwa wakati mmoja. Dawa ni kungoja dakika kadhaa na kurudia.

1603 ndiyo inayodai kazi. Inasema «kosa kubwa» bila kutaja kosa gani, kwa hiyo usiitafutie maana mtandaoni kabla ya kusoma faili la kumbukumbu. Mafundi wa Kiingereza wanafundishwa kutafuta `Return value 3`. Windows zetu nyingi ziko katika Kifaransa, na huko maneno hayo hayapo: tafuta `Valeur renvoyée`, ile ya kwanza inayoishia na 3, kisha panda juu mistari michache. Chanzo kimeandikwa hapo, juu yake, si chini. Katika mashini yetu, diski C ilikuwa imejaa. Chanzo kingine cha kawaida ni akaunti ya SYSTEM kunyimwa haki kwenye folda ya kusakinishia.

Mashini isiyo na faili ndiyo ningeiendea mwanzo. Ripoti ya kila mashini ina faili lake kwa makusudi, ili ukosefu wake uonekane. Huenda mashini haikuwashwa, huenda haikuifikia serva, au umeme ulikatika katikati ya kazi, jambo ambalo Butembo na Beni tunalijua. Ikiwa ni umeme, katika jaribio la pili faili la kumbukumbu linaweza kutaja kosa 1704: usakinishaji uliokatika bado umesimama na lazima urudishwe nyuma. Hapo endesha faili la `.msi` mara moja kwa mkono, na madirisha yake, ukubali kurudisha nyuma kisakinishi kinapokuuliza, kisha uanze upya.

Kodi hizi ni za mafaili ya `.msi`. Visakinishi vingi vya `.exe` vina lugha yao: kwa vile vya Inno Setup, 1 ni kushindwa kuanza, lakini kwa vile vya NSIS, 1 ni mtu aliyekatisha. Basi kabla ya kusambaza `.exe` yoyote, ijaribu kwenye mashini moja na uandike kodi inazotoa. Na hata penye 0, fungua programu kwenye mashini mbili tatu uangalie toleo lake, kwa sababu kodi inasema kisakinishi kimemaliza vizuri. Haisemi kwamba karani ataweza kufungua hati zake kesho asubuhi.