Kufika Kliniki Sahihi Muhimbili

Wakazi wa kata wanaopewa rufaa ya kwenda Muhimbili wanakumbushwa kusoma jina la taasisi lililoandikwa katika barua kabla ya kuanza safari. Jina hilo ndilo linaloamua lango, jengo na dirisha la usajili.

Jambo la kwanza ni kutambua eneo. Muhimbili ya Upanga ipo katikati ya Jiji la Dar es Salaam, ilhali Muhimbili ya Mloganzila ipo nje ya katikati ya jiji, upande wa Barabara ya Morogoro. Mgonjwa wa Mloganzila anayeshukia Upanga hulazimika kuanza safari nyingine, na huenda akafika kliniki ikiwa imekwisha.

Pale Upanga, ndani ya eneo moja, zipo taasisi tatu za tiba: Hospitali ya Taifa Muhimbili, Taasisi ya Mifupa (MOI) na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI). Kila moja ina usajili wake. Kwa hiyo namba ya faili iliyotolewa na hospitali haimwezeshi mgonjwa kuonwa katika Taasisi ya Mifupa.

Mfano ni mgonjwa wa nyonga ambaye barua yake imeandikwa MOI. Akifika langoni, asiulize tu "hospitali iko wapi", kwa kuwa ataelekezwa kwenye majengo makubwa yaliyo karibu. Ataje jina la taasisi na la kliniki. Ikiwa hawezi kutembea, msindikizaji wake aombe kiti cha magurudumu mapema. Katika dirisha la usajili atatoa barua, kitambulisho na kadi ya bima ikiwa anayo, kisha atakamilisha malipo au uthibitisho wa bima. Baada ya hapo ataelekezwa mahali pa kusubiri.

Hapo ndipo wengi hupoteza saa nyingi. Wagonjwa huitwa katika kliniki waliyosajiliwa. Aliyeketi kwenye benchi la kliniki nyingine hataitwa hata akikaa hadi jioni. Kwa sababu hiyo, mgonjwa amwoneshe muuguzi karatasi zake kabla ya kuketi, na amwulize kama jina lake limo katika orodha ya siku hiyo. Likikosekana, arudi usajili mara moja.

Daktari akiagiza vipimo, mgonjwa aandike jina la kliniki na namba ya chumba alichotoka, kwa kuwa maabara na picha za mionzi huenda zikawa katika jengo jingine, na majibu hupaswa kurejeshwa kwa daktari huyohuyo.

Utaratibu huu ni wa wagonjwa wa kliniki. Mgonjwa mahututi hupelekwa moja kwa moja Idara ya Magonjwa ya Dharura.